Neno la Msibani ni Amana: Kutafsiri Wasifu wa Babu kwa Ndugu Walio Mbali

Swali ninalotaka kulijadili katika insha hii ni hili: mtu anayetafsiri maneno ya msibani anawajibika kwa nani kwanza? Je, anawajibika kwa marehemu aliyesifiwa, kwa mzee aliyesimama akasema, au kwa ndugu wasiojua lugha iliyosemwa ambao wanasubiri kujua nini kilisemwa juu ya mtu wao? Kwa kawaida hatuoni kwamba watu hawa watatu wanaweza kutaka mambo tofauti. Tunadhani tafsiri ni kazi ya kamusi. Mimi nilipewa kazi ya kutafsiri kwa Kiswahili maneno yaliyosemwa kwa Kirundi juu ya babu yangu, na nikaona kwamba sentensi moja tu inaweza kumfanya mtafsiri achague upande ndani ya ukoo bila mtu yeyote kumwambia kwamba anachagua.

Nianze na hali ya familia yetu, maana bila hiyo msomaji hataelewa kwa nini maneno machache yalikuwa mazito. Babu yangu alizaliwa upande wa Rumonge, kusini mwa Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye ardhi ya michikichi. Alikuwa na mdogo wake wa baba mmoja, mama mmoja. Mwaka 1972 mdogo huyo alivuka kwenda Tanzania na mke wake na watoto, akawekwa Ulyankulu, mkoani Tabora. Ulyankulu ni moja ya makazi matatu makubwa waliyopewa wakimbizi wa Burundi wa mwaka huo. Mengine ni Katumba na Mishamo. Hakurudi. Alizikwa hukohuko, na watoto wake wamo kati ya Warundi zaidi ya laki moja na nusu waliopewa uraia wa Tanzania miaka iliyofuata. Wajukuu wake ni wa rika langu. Wanasema Kiswahili cha Tabora, kizuri kuliko changu, lakini Kirundi chao ni salamu na majina ya vyakula. Wachache kati yao walichukuliwa Marekani wakiwa wadogo, na hao hata Kiswahili wanakisema kwa kusitasita.

Babu yeye alibaki. Alipozeeka alihamia hapa Bujumbura, nyumbani kwa shangazi, mtaa wa Buyenzi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya barabarani na sokoni. Lakini babu hakuhama na lugha. Alikufa akiwa Mrundi wa Kirundi, na sisi tulimlilia kwa Kirundi. Tulimzika Mpanda. Siku chache baadaye ukoo ulikusanyika kwa sherehe tunayoiita guca ku mazi, yaani kupita kwenye maji, ambayo inaondoa sehemu ya kwanza ya matanga. Matanga yenyewe yanamalizwa baadaye sana, pengine baada ya mwaka, kwa sherehe nyingine iitwayo kuganduka. Katika guca ku mazi ndipo mzee mmoja kutoka kilimani kwao, rafiki wa babu tangu utoto, alipewa neno. Alizungumza kama dakika ishirini. Binamu zangu wa Ulyankulu hawakuweza kuja. Walipelekewa sauti iliyorekodiwa kwa simu, wakasikiliza, wakalia kwa sababu ya mlio wa sauti, kisha wakaniandikia: tafadhali, tuandikie alichosema.

Kirundi na Kiswahili ni lugha ndugu. Jambo hili linarahisisha kazi, na pia linadanganya. Kuna maneno ambayo undugu wake ni zawadi. Mzee alisema juu ya umuryango, neno ambalo kwa Kirundi ni ukoo na pia ni pale mnapoingilia nyumbani. Kiswahili kina mlango, na Waswahili wa pwani nao huita tawi la ukoo mlango. Hapo sikuhitaji kueleza chochote. Lakini kuna maneno mengine matatu au manne ambayo yalinishinda kwa siku kadhaa, na hayo ndiyo nitakayoyachambua.

Neno la kwanza ni umushingantahe. Mzee alimwita babu hivyo mara nyingi. Neno hili limetokana na gushinga, yaani kusimika au kuchomeka ardhini, na intahe, fimbo ambayo wazee waamuzi walipiga nayo chini walipokuwa wakiamua kesi. Abashingantahe walikuwa watu wa kila kilima waliosimikwa hadharani, baada ya kuchunguzwa kwa muda mrefu kama wanasema kweli, kama wanaweza kunyamaza, kama hawapendelei ndugu zao. Walipatanisha waliogombana na walisimama kama mashahidi wa mipaka ya mashamba. Lakini leo neno hilohilo limekuwa pia neno la adabu. Mtu akianza hotuba mbele ya watu, hata kwenye harusi hapa mjini, atasema "bashingantahe, bapfasoni", na maana yake ni waheshimiwa mabwana na mabibi. Kijana wa miaka ishirini na tano aliyevaa suti naye ataingia humo.

Basi ukitafsiri "mzee wa heshima", hujasema uongo, lakini umemtoa babu katika cheo alichosimikiwa ukamweka katika adabu ya kawaida. Ukiandika "hakimu", wa Ulyankulu watadhani alikuwa mfanyakazi wa serikali. Ukiandika "mzee wa baraza", watafikiria ofisi ya kata. Ilinibidi niulize kwanza jambo la kweli: babu alisimikwa au aliitwa tu? Shangazi alikumbuka siku yenyewe, akakumbuka na pombe ya ndizi iliyoletwa na majirani waliotoa ushahidi. Nikaandika: "mzee aliyesimikwa na kilima chake kuwa mwamuzi na shahidi wa kweli." Ni maneno kumi na moja mahali pa moja. Ni marefu, lakini yanabeba kile ambacho kila Mrundi aliyekuwa pale alikielewa: huyu ni mtu ambaye wengine walimwamini kuhusu mipaka ya mashamba yao. Utaona mbele kwa nini jambo hilo lilikuwa la lazima.

Neno la pili ni Ikiza. Kwa Kirundi ikiza ni maafa makubwa, balaa linalowashukia watu. Lakini mzee wa Kirundi akisema "Ikiza" bila kuongeza neno, anasema mwaka 1972. Mwaka huo, mwishoni mwa Aprili, uasi wa silaha ulianzia kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, na Watutsi wengi wakauawa katika siku za kwanza. Kisha utawala wa Micombero ukajibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima kwa miezi. Waliouawa wanakadiriwa kati ya laki moja na laki tatu, wengi wao Wahutu, hasa waliosoma. Ni msimu ule uliompeleka mdogo wake babu Ulyankulu.

Sikio la Mswahili likisikia ikiza litasikia kiza, yaani giza. Binamu yangu mmoja aliniuliza kwa nini mzee alikuwa anasema juu ya giza. Ni kosa zuri, nusura mtu atake kuliacha, lakini ni kosa: giza kwa Kirundi lina neno lake jingine, na mzee hakuwa anatunga mashairi. Nilikuwa na njia kadhaa. Ningeweza kuandika "vita", kama wanavyosema vijana wengi, lakini hayakuwa majeshi mawili yanayopigana, na anayesoma "vita" atadhani waliokufa walikuwa wameshika bunduki. Ningeweza kuandika "mauaji ya kimbari". Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi ilitamka hivyo mbele ya bunge mnamo Desemba 2021, baada ya kufukua makaburi ya pamoja. Lakini tume ilitamka. Mzee yule hakutamka. Alisema Ikiza, neno lisilomtaja mtenda. Inawezekana alilichagua kwa sababu ya watu waliokuwa wamekaa mbele yake, maana msibani pale walikuwepo watoto wa pande zote mbili. Inawezekana pia ndilo neno pekee alilokuwa nalo tangu ujana wake. Vyovyote iwavyo, lilikuwa lake.

Nililiacha Ikiza kama lilivyo, kwa herufi kubwa, nikaongeza mwaka kando yake. Sababu yangu si kwamba halitafsiriki. Sababu ni kwamba neno hili si geni kwa wale ninaowaandikia. Ni neno ambalo babu yao mwenyewe alilisema, na ambalo wao hawakulipokea. Kuwarudishia ni sehemu ya kuwafikishia ujumbe. Kanuni niliyoipata hapa ni rahisi: mtafsiri asilegeze neno la msemaji na asilinoe. Akililegeza anawadanganya wasikilizaji. Akilinoa anamtwisha msemaji hukumu ambayo hakuitoa, na kesho atakayeulizwa ni mzee, si mtafsiri.

Sasa nafika kwenye sentensi iliyokuwa na uzito kuliko zote. Baada ya kusema juu ya Ikiza, mzee alisema kwamba babu "yasigaranye itongo rya mwene wabo". Mwene wabo ni ndugu yake. Itongo si shamba tu. Ni ardhi ya urithi ya ukoo, mahali ambapo mtu ana haki ya kuzikwa na watoto wake wana haki ya kujenga. (Kwa Kiswahili tongo ni uchafu wa jicho, kwa hiyo hapa undugu wa lugha haukusaidia hata kidogo.) Kitenzi ni gusigarana, kubaki na kitu. Sentensi nzima basi ni: alibaki na ardhi ya ndugu yake.

Alibaki nayo vipi? Hapo ndipo penye jambo. Mtu anaweza kubaki na kitu kwa maana ya kukilinda mpaka mwenyewe arudi. Anaweza pia kubaki nacho kwa maana kwamba mwenyewe aliondoka, kikawa mkononi mwake, kikawa chake. Kirundi cha mzee kinakubali maana zote mbili. Na huu si mchezo wa maneno. Kusini mwa nchi, hasa Rumonge na Nyanza-Lac, mashamba ya waliokimbia 1972 yamegombaniwa kwa miaka mingi. Mengine yalichukuliwa na ndugu, mengine na majirani, mengine yaligawiwa watu wengine na serikali. Mwaka 2006 iliundwa tume ya kitaifa ya kushughulikia ardhi na mali nyingine, na kesi zake zilikuwa nyingi hasa kutoka mikoa hiyo. Familia yetu haikufika kwenye tume. Ardhi ile inalimwa na baba mkubwa. Michikichi ya zamani iko upande wa ziwa, na mpya aliipanda yeye.

Baba mkubwa aliposikia kwamba ninatafsiri, alinipigia simu. Hakunitisha na wala hakuomba jambo baya. Alisema: "Mwanangu, pale kwenye itongo uandike kwamba babu yako alilitunza. Ndiyo kweli. Angeweza kuliuza, hakuliuza." Shangazi, ambaye simu ilipigwa akiwa kando yangu, alicheka kidogo akasema: "Alilitunza kwa nani? Mafuta ya mawese yalikwenda wapi miaka yote hiyo? Andika kwamba alilikalia." Hivyo nilikuwa na vitenzi viwili vya Kiswahili kwa kitenzi kimoja cha Kirundi, na kila kimoja kilikuwa na mwenyewe.

Nilifanya jaribio ambalo nadhani linaweza kumsaidia mwanafunzi mwingine yeyote. Nilimchukua rafiki yangu anayejua lugha zote mbili sawasawa na ambaye hakuwepo msibani. Nikampa sentensi yangu ya Kiswahili peke yake, nikamwomba airudishe kwa Kirundi. Nilipoandika "aliitunza ardhi ya ndugu yake", alinirudishia kitenzi cha Kirundi cha kuweka akiba, kuhifadhi kitu kwa ajili ya baadaye. Maana ya kwanza tu ndiyo iliyobaki. Nilipoandika "aliikalia ardhi ya ndugu yake", alinirudishia kitenzi cha kunyang'anya. Mzee hakusema hivyo kabisa. Nilipoandika "alibaki na ardhi ya ndugu yake", akarudisha palepale: yasigaranye. Kiswahili chenyewe, kwa bahati, kinaweza kubeba pande mbili zilezile. Kwa hiyo kwa upande wa lugha jibu lilipatikana: alibaki na.

Lakini kwa upande wa haki jibu halikutosha, na hapa ndipo nadhani watu wengi wanaoandika juu ya uaminifu wa tafsiri wanaishia mapema. Sentensi yenye pande mbili haisikiki sawa kwa kila mtu. Waliokuwa pale Buyenzi walipoisikia walitazamana. Walijua itongo ni lipi, nani analima, nani alijenga, mpaka ulikuwa kwenye mti gani. Waliweza kumwendea mzee jioni ileile, wakiwa na chupa mkononi, wakamuuliza. Kwao sentensi ile ilikuwa swali lililowekwa wazi mbele ya ukoo. Kwa binamu yangu wa Ulyankulu, ambaye hajawahi kukanyaga Rumonge, sentensi ileile ingepita kama maji. Angesoma "alibaki na ardhi ya ndugu yake", akasema Mungu amlipe, akaendelea kusoma. Maneno yangekuwa yaleyale, lakini kile ambacho maneno yanafanya kisingekuwepo. Ningekuwa mwaminifu kwa kila neno na bado ningewanyima kitu ambacho wengine wote walipewa.

Kabla ya kuamua nilikwenda kumuuliza mzee mwenyewe, kwa sababu alikuwa bado mjini. Nilimwuliza kwa adabu kama alimaanisha kulinda au kumiliki. Alinitazama kwa muda. Akasema, na ninaeleza kwa Kiswahili: "Nilisema nilichokiona. Kilichobaki waulizane wenye itongo, nami nikiitwa nitakuja." Jibu hili lilinionyesha kwamba pande mbili za sentensi hazikutoka kwenye uzembe. Alikuwa amepima. Kama umushingantahe mwenzake, hakutaka kumhukumu rafiki yake aliyelala, na hakutaka pia kumwosha jambo ambalo halijaamuliwa. Aliliweka katikati ya watu, basi.

Kwa hiyo nilifanya hivi. Katika tafsiri yenyewe niliandika "alibaki na ardhi ya ndugu yake", bila kuongeza wala kupunguza. Kisha, kwenye karatasi ya pili, yenye kichwa kinachosema kwamba haya ni maelezo yangu mimi mjukuu na si maneno ya mzee, nilieleza mambo manne: Ikiza ni nini, umushingantahe ni nani, kwamba kitenzi cha kubaki kina maana mbili kwa Kirundi kama kwa Kiswahili na kwamba mzee hakuchagua moja, na kwamba yuko tayari kuulizwa. Sikuandika nani analima sasa wala ninadhani nini. Hayo ni ya wenye itongo, kama alivyosema.

Baba mkubwa hakupendezwa na karatasi ya pili. Hoja zake zinastahili kujibiwa, kwa sababu si za mtu mbaya.

Hoja ya kwanza ni kwamba msiba si mahakama. Marehemu ana haki ya kuzikwa na sifa zake, na madeni yatafutiwe siku yake. Nakubali kwamba msiba si mahakama. Lakini aliyeweka sentensi ile msibani si mimi. Na katika desturi zetu, ndani ya siku hizihizi za matanga ndipo ukoo unaposema waziwazi nani anadai na nani anadaiwa, na nani atasimama mahali pa marehemu. Zaidi ya hayo, sifa kubwa tuliyompa babu ni kwamba alikuwa shahidi wa kweli wa mipaka ya wengine. Hatuwezi kumsifu kwa jambo hilo kisha tukafiche swali juu ya mpaka wake mwenyewe. Tukifanya hivyo, sifa yenyewe itakuwa ndiyo ile ya adabu, ya "bashingantahe, bapfasoni", na mimi nilitumia maneno kumi na moja kuikwepa.

Hoja ya pili ilikuwa methali. Baba mkubwa alinikumbusha msemo wa Kirundi kwamba neno likupendalo hukaa tumboni mwako. Warundi tunalelewa na msemo huu, na umewaokoa watu wengi katika miaka mibaya. Nimeufikiria sana. Nadhani unahusu neno langu mimi. Mawazo yangu juu ya michikichi yanaweza kukaa tumboni, na yamekaa. Lakini neno la mzee si langu. Nimepewa ili nilifikishe. Kiswahili kina jina la kitu ambacho umekabidhiwa na si chako: amana. Tunasema pia mjumbe hauawi, lakini kinga hiyo mjumbe anaipata kwa sababu inajulikana kwamba haongezi lake ndani ya ujumbe wala hali sehemu yake njiani. Anayekula nusu ya ujumbe kwa sababu unaumiza si mjumbe tena; amekuwa mshiriki wa shauri.

Kuna hoja ya tatu, ambayo hakuitoa baba mkubwa bali niliitoa mwenyewe. Je, karatasi ya pili si kuingiza sauti yangu kwa mlango wa nyuma? Nadhani ingekuwa hivyo kama maelezo yangekuwa ndani ya hotuba, yamechanganywa na maneno ya mzee mpaka msomaji asijue nani anasema. Hilo ndilo watafsiri wengi wa familia wanalofanya kwa nia njema: wanaongeza neno hapa, wanapunguza pale, na mwishowe marehemu anasifiwa na mtafsiri kwa sauti ya mzee. Maelezo yakitengwa na kutiwa jina la mwandishi, msomaji anaweza kuyakataa bila kuikataa hotuba.

Limebaki neno moja. Mzee alimalizia kwa kuwaomba watu wote wamsamehe babu, kama inavyofanyika kwenye kila msiba. Kitenzi alichotumia ni kubabarira. Kimejengwa juu ya kubabara, kuumia, pamoja na kiambishi kile ambacho Kiswahili kinacho katika "pikia" au "lilia". Ni kama kusema: umieni kwa ajili yake. Kiswahili kinasema msameheni, na neno samehe lilikuja na Kiarabu na linatumika pia kwa deni: nimekusamehe deni lako, maana yake silidai tena. Hebu fikiria binamu wa Ulyankulu anayesoma kwanza kwamba babu alibaki na ardhi ya babu yake, na aya mbili mbele anaombwa asamehe. Angeweza kuona kwamba anaombwa kwa heshima aiache ardhi. Mzee hakuomba hivyo. Kwa hiyo niliandika "muumie pamoja naye na mmwachie makosa yake", na kwenye maelezo nikasema kwamba ombi hili huwahusu wote waliomjua marehemu na halifuti dai la mtu yeyote.

Wale walio Marekani walipata tafsiri ya tatu, kutoka Kiswahili changu kwenda Kiingereza, iliyofanywa na dada yao mkubwa. Nilimwomba jambo moja tu. Kwa Kirundi kaka na mdogo wake wote wawili ni babu zetu, na Kiswahili kinakubali hivyo. Kiingereza kina jina la pembeni kwa ndugu wa babu, na watoto wakilisoma wataona nyumba mbili. Aliandika babu mara mbili.

Mwezi mmoja baadaye, binamu yangu wa Ulyankulu alimpigia baba mkubwa, si mimi. Walizungumza kwa Kiswahili kwa saa nzima. Kilichosemwa chote sikijui, ila wamekubaliana kwamba atakuja siku ya kuganduka na kwamba yule mzee ataitwa. Baba mkubwa bado ananisalimia kwa ufupi. Ardhi inaweza kugawanywa, inaweza isigawanywe. Huenda baba mkubwa ana haki zaidi kuliko shangazi anavyodhani, maana miaka hamsini ya kupalilia nayo ni kitu. Hilo si la mtafsiri kuamua. Mtafsiri anawajibika kwanza kwa neno alilopewa, na anawajibika pia kuhakikisha kwamba wa mbali amelipokea akiwa na uwezo uleule wa kuuliza alio nao wa karibu.